Vinundu viwili shingoni: kipi kichomwe sindano, kikubwa au chenye vidoti?

Mtu akija chumba cha altrasaundi na uvimbe shingoni, mara nyingi picha humwonyesha vinundu zaidi ya kimoja kwenye tezi ya thairoidi. Kuwa navyo ni jambo la kawaida kwa watu wazima, na vilivyo vingi sana si saratani. Kazi inayobaki ni kuchagua: kipi kichomwe sindano ili kuchukuliwa seli, kipi kifuatiliwe kwa picha, na kipi kiachwe. Hapo ndipo wagonjwa wengi, na hata baadhi yetu wahudumu, tunapokimbilia kile kikubwa. Ukubwa una nafasi yake, lakini zamu yake hufika baada ya sura ya kinundu kusomwa. Nataka nilinganishe vinundu viwili vya mtu mmoja, alama kwa alama, maana hapo uchaguzi huonekana vizuri zaidi.

Chukua mfano wa mama wa miaka 46 anayeuza dagaa Nansio, Ukerewe. Shingo yake imevimba upande wa kulia kwa miaka kadhaa. Kituo cha afya kilimpiga picha kwa probu ya tumbo, kile kichwa cha mashine kinachopitishwa juu ya ngozi kuangalia mimba, na ripoti ikaandika kwamba ana goita yenye vinundu, basi. Kipimo cha damu cha TSH, homoni inayoiamuru tezi kufanya kazi, kilikuwa cha kawaida. Hilo ni jambo la kuangaliwa kwanza, kwa sababu TSH ikiwa chini huenda kinundu chenyewe ndicho kinachotengeneza homoni kupita kiasi, na vinundu vya namna hiyo ni nadra kuwa saratani. Mwenye TSH ya chini hufuata njia nyingine ya vipimo kabla ya sindano.

Mama akapanda meli kuja Mwanza. Akalala chali, mto ukawekwa chini ya mabega ili shingo ijikunjue vizuri, jeli ikapakwa. Kulia kikaonekana kinundu cha sentimita 3.4. Kushoto, ambako hakuwahi kuhisi kitu, kikaonekana kingine cha sentimita 1.2.

"Daktari, huu wa kulia ndio unaonisumbua, hata mtandio hauufichi," anasema. "Huo wa kushoto mimi hata siujui."

"Nimekuelewa, mama. Ila ngoja nikuonyeshe kwa nini nimekaa muda mrefu zaidi kushoto."

Maelezo yaliyobaki ni ya kilichokuwa kwenye skrini.

Kipimo tunachotumia

Mwaka 2017 Chuo cha Radiolojia cha Marekani kilitoa mfumo wa alama unaoitwa ACR TI-RADS, na leo unatumika katika nchi nyingi. Kinundu husomwa kwa mambo matano: ndani yake kuna maji au nyama, weusi wake ukilinganishwa na tezi, umbo lake, ukingo wake, na vidoti vyeupe vilivyomo. Kila jambo hupewa alama, alama zinajumlishwa, na jumla ndiyo inayokiweka kinundu kwenye daraja kuanzia TR1 hadi TR5. Ni baada ya hapo tu ndipo rula inatolewa kupima ukubwa. Kinundu cha TR5 huchomwa sindano kuanzia sentimita 1, cha TR4 kuanzia sentimita 1.5, na cha TR3 kuanzia sentimita 2.5. Cha TR1 au TR2 hakichomwi kwa hofu ya saratani, hata kikiwa kikubwa kiasi gani.

Katika mambo hayo matano, mawili ya mwisho ndiyo yanayowagonganisha wasomaji wa picha, na ndiyo nitakayokaa nayo.

Ukingo uliofifia na ukingo wenye vichongo

Ukitazama ufuko wa ziwa kutoka kilima cha Bugando asubuhi ya ukungu, huwezi kusema maji yanaishia wapi na nchi kavu inaanzia wapi. Siku ya jua unauona mstari wote, na unaona kwamba haukunyooka: hapa rasi imetokeza majini, pale ghuba imeingia ndani. Ukingo uliofifia wa kinundu ni ule wa asubuhi ya ukungu. Ukingo wenye vichongo ni ule wa siku ya jua: unaonekana wazi kabisa, ila unapinda, unatokeza na kuingia.

Katika alama, tofauti hiyo ni kubwa. Uliofifia unapata 0, sawasawa na ukingo laini. Wenye vichongo au mabonge unapata 2.

Sababu iko kwenye tishu yenyewe. Vinundu vya goita ya kawaida mara nyingi havina ganda kamili. Seli zake ni zilezile za tezi zilizozidi, na pembezoni zinachanganyika taratibu na jirani zake, kwa hiyo mawimbi ya sauti hayapati mahali pa kukata mstari. Tezi iliyovimba kwa kushambuliwa na kinga ya mwili nayo huleta ukungu uleule. Saratani hujisukuma ndani ya tezi bila usawa, sehemu moja ikitangulia na nyingine ikibaki nyuma, ndiyo maana ukingo wake hutoa vichongo. Ikivuka mstari mweupe unaoizunguka tezi na kuingia kwenye misuli, alama inapanda hadi 3, na hiyo peke yake ni habari nzito.

Kwa mama wetu, kinundu cha kulia kina ukingo laini mbele na uliofifia kidogo nyuma. Nikausogeza umakini wa mashine, yaani kitufe cha Focus, hadi kina cha kinundu, nikakuza picha, na ukungu ukapungua. Hakuna kichongo kilichojitokeza. Cha kushoto kina mabonge matatu madogo upande wa chini. Hapo haitoshi kupiga picha moja na kuondoka. Nilizungusha probu nyuzi 90 na kukipitia tena kuanzia juu hadi chini. Mabonge yakabaki. Yangeonekana kwenye mkato mmoja tu, ningeshuku mshipa wa damu au kinundu kingine kilichojibana pembeni, maana viwili vilivyogusana huonekana kama kimoja chenye kona.

Na ukishindwa kabisa kuamua? Mfumo unasema uandike 0. Naona ni uamuzi wa busara, kwa sababu shaka ya msomaji isigeuzwe kuwa alama ya mgonjwa.

Vidoti vyenye mkia na visivyo na mkia

Hapa ndipo penye uzito. Vidoti vyeupe vidogo kuliko milimita 1 ndani ya nyama ya kinundu hupata alama 3, na hakuna sifa moja inayopata alama zaidi ya hizo. Lakini skrini ya altrasaundi imejaa vitu vyeupe, na vingi havina madhara.

Vinavyotutisha ni chembe za kalsiamu. Katika saratani ya papilari, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi kwenye tezi hii, seli zilizokufa hujengewa tabaka za kalsiamu, moja juu ya nyingine, hadi zinakuwa punje ngumu. Punje hizo ni ndogo mno, nyingine ndogo kuliko sehemu ya kumi ya milimita. Zinarudisha mwangwi mkali kwa hiyo zinang'aa, lakini ni ndogo kiasi kwamba haziwezi kuzuia mawimbi na kuacha kivuli nyuma yake. Ukiziona, unaona vidoti vikali, vimetawanyika ndani ya nyama, na nyuma yake hakuna kitu.

Vinavyofanana navyo zaidi ni vya koloidi, ute mzito ambao tezi huhifadhi homoni ndani yake. Ute ukikauka kidogo huganda vipande vidogo, na mawimbi yakiingia humo yanarukaruka ndani kwa ndani kabla ya kurudi. Mashine inasoma kila mruko kama kitu kilicho chini zaidi, kwa hiyo kidoti kinachora mkia mweupe unaoshuka na kuchongoka kuelekea chini. Mkia mrefu, zaidi ya milimita 1, ulio kwenye sehemu ya maji, ni dalili ya kinundu salama na hupata 0.

Kuna mwingilio wa tatu ambao mafunzoni huwa hausemwi vya kutosha. Kijifuko kidogo cha maji hupitisha sauti vizuri, na ukuta wake wa nyuma unang'aa. Kinundu chenye vijifuko vingi vilivyobanana kinaweza kuonekana kimejaa vidoti. Tazama kwa makini: hivyo ni vistari vifupi vilivyolala, na juu ya kila kimoja kuna tundu jeusi.

Vipande vikubwa vya kalsiamu ni rahisi, kwa sababu vinaacha kivuli cheusi nyuma yake. Hivyo vinapata alama 1, na kalsiamu iliyozunguka kinundu kama ukuta inapata 2.

Sasa, kutofautisha kwa vitendo. Kwanza ninapunguza Gain, yaani kitufe kinachoongeza mwangaza wa mwangwi kwenye picha. Gain ikiwa juu, hata chenga za mashine zinageuka vidoti. Ikishushwa, zile chenga zinafifia na kalsiamu inabaki iking'aa. Pili, ninazima uwezo wa mashine wa kuchanganya mawimbi ya pembe mbalimbali. Uwezo huo hulainisha picha na kuipendezesha, lakini hufuta mikia na vivuli, na mkia ukifutwa koloidi inavaa sura ya kalsiamu. Nimeona kinundu kisicho na neno kikipanda daraja kwa sababu hiyo tu. Tatu, ninageuza probu. Kidoti cha kweli kinaonekana kwenye mikato yote miwili.

Kwa mama wetu, upande wa kulia ulikuwa na vidoti vinne vikubwa ndani ya maji, na baada ya kuzima uchanganyaji kila kimoja kikashusha mkia. Upande wa kushoto ulikuwa na vidoti saba au vinane ndani ya nyama, havikubadilika. Kimoja kilikuwa na kijikia kifupi sana. Hakinipi faraja: kijikia kidogo ndani ya nyama bado huhesabiwa pamoja na vile vya alama 3.

Alama zikikaa pamoja

Umbo na weusi nitavipitia haraka. Umbo hutazamwa kwenye mkato wa kukata shingo kwa upana: kinundu kilichosimama, yaani kina chake kuelekea mgongoni kimezidi upana wake, hupata 3, kilicholala hupata 0. Kosa la kuepuka ni kukipima kwenye mkato wa urefu, na jingine ni kukandamiza probu hadi kinundu kibonyee. Weusi hulinganishwa na tezi iliyokizunguka. Kikizidi kuwa cheusi hadi kupita misuli ya mbele ya shingo, kinapata 3 badala ya 2.

| Kinachosomwa | Kulia, sm 3.4 | Kushoto, sm 1.2 |
|---|---|---|
| Ndani yake | maji na nyama: 1 | nyama tupu: 2 |
| Weusi | sawa na tezi: 1 | cheusi kuliko tezi: 2 |
| Umbo | kimelala: 0 | kimelala: 0 |
| Ukingo | laini, nyuma umefifia kidogo: 0 | mabonge: 2 |
| Vidoti | vyenye mikia mirefu: 0 | ndani ya nyama: 3 |
| Jumla | 2, TR2 | 9, TR5 |

Kinundu kikubwa hakihitaji sindano. Kidogo kinaihitaji, kwa kuwa kimevuka sentimita 1.

Lakini jumla ya 9 inaficha jambo ambalo kila anayesoma picha hizi anapaswa kulijua, yaani ni alama ipi iliyobeba uamuzi. Tuseme msomaji mwingine ameyaona mabonge lakini vidoti akavichukulia kuwa koloidi. Jumla inashuka hadi 6, daraja linakuwa TR4, na kwa sentimita 1.2 mama anaambiwa arudi baada ya mwaka. Tuseme mwingine ameviona vidoti lakini ukingo akauita uliofifia. Jumla ni 7, bado TR5, na sindano inafanyika. Akikosea vyote viwili, jumla ni 4, TR4 tena, mama anarudi Nansio na miadi ya mwaka ujao.

Kwa hiyo kwa kinundu cha ukubwa huu, vidoti ndivyo vilivyoamua, ukingo ukaunga mkono. Kingekuwa cha sentimita 1.6, kosa la vidoti lisingebadilisha kitu, kwa sababu TR4 ya ukubwa huo nayo huchomwa. Ndiyo maana kwenye vinundu vya kati ya sentimita 1 na 1.5 sikubali kusoma picha iliyopigwa haraka. Huko ndiko kidoti kimoja kinachosomwa vibaya kinapomrudisha mtu nyumbani au kumchoma bure.

Kuna upande wa pili wa jambo hili. Vidoti vikiwepo kweli, uwezekano wa saratani unapanda sana. Visipokuwepo, havikuondolei shaka, kwani saratani nyingi za tezi hii hazina vidoti kabisa. Ripoti inayosema hakuna chembe za kalsiamu, ikaishia hapo, haijajibu swali.

Picha ya Nansio na picha ya Mwanza

Ndugu wa mama waliuliza kama kituo cha kwanza kilikosea. Sidhani. Probu ya tumbo hutoa mawimbi ya megahezi 3 hadi 5 hivi, yanayozama ndani sana lakini hayatenganishi vitu vidogo. Probu bapa ya shingo hutumia kuanzia megahezi 7 kwenda juu, na nzuri hufika 12 au zaidi. Haiendi kina kirefu, na tezi iko karibu na ngozi, kwa hiyo haihitaji kwenda. Kidoti cha nusu milimita kinachong'aa kwenye probu bapa kinaweza kupotea kabisa kwenye ile ya tumbo, na ukingo wenye mabonge madogo unalainika. Ile ya tumbo inatosha kusema tezi imekua na ina vinundu. Daraja la TI-RADS lisitolewe kwayo.

Ukiwa kisiwani au kwenye kituo kidogo na umepewa ripoti ya tezi, uliza probu gani ilitumika. Kama ni ya tumbo, kinachokosekana kwenye ripoti usikihesabu kuwa hakipo.

Pale ulinganisho huu unapofika mwisho wake

Alama hizi zinaikamata vizuri saratani ya papilari. Saratani ya folikula hujificha zaidi. Mara nyingi huwa nyama tupu, yenye rangi sawa na tezi, ukingo laini, haina vidoti: 2 na 1, jumla 3, TR3. Ndiyo sababu TR3 ya sentimita 2.5 na kuendelea huchomwa hata ikiwa na sura ya upole. Tena sindano yenyewe haiwezi kuitenganisha na uvimbe salama wa folikula, kwa sababu tofauti yao ni kama seli zimetoboa ganda au kuingia kwenye mishipa, na hilo huonekana kinundu kikishatolewa chote. Katika jamii zilizokosa madini joto kwa muda mrefu, sehemu ya saratani za tezi iliyo ya folikula huwa kubwa zaidi kuliko kwingine. Mgonjwa aliyekulia mahali ambako goita zilikuwa nyingi, mwenye kinundu laini kinachoendelea kukua, ninamsikiliza hata alama zake zikiwa chache.

Na kabla ya kufuta jeli, probu ipitishwe kwenye tezi za limfu pande zote mbili za shingo. Tezi ya limfu iliyobadilika kuwa duara, iliyopoteza mstari wake mweupe wa katikati, au iliyo na vidoti na vijifuko vya maji ndani, inaweza kuwa ndiyo ya kuchomwa kwanza, bila kusubiri hesabu ya kinundu. Sauti iliyokwaruza kwa wiki kadhaa pia iandikwe kwenye fomu, kwani picha haiwezi kuisikia.

Mama hakuwa na tezi za limfu za kutisha wala sauti iliyobadilika. Kinundu cha kushoto kilichomwa kwa sindano nyembamba huku probu ikionyesha ncha yake ikiingia kwenye ile sehemu ya nyama yenye vidoti, na sampuli ikapelekwa patholojia. Aliambiwa mapema kwamba sampuli wakati mwingine hutoka na seli chache zisizotosha kusomwa. Ikitokea hivyo atachomwa tena, kwa sababu sampuli isiyotosha haimaanishi kwamba hana saratani. Kinundu cha kulia, kile kinachomsumbua chini ya mtandio, kiliandikiwa barua ya kwenda kwa daktari wa upasuaji endapo kitaanza kumbana pumzi au kumzuia kumeza. Hilo ni suala la nafasi shingoni, na hapo sentimita 3.4 ndizo zinazohesabika.